Chujio la kahawa la kitambaa: uzoefu wangu, hasa kwenye ile harufu ya uvundo

Niko Dar, nakunywa kahawa ya Mbinga ama ya Kilimanjaro kila asubuhi, na nimetumia haya machujio ya kitambaa muda mrefu tu sasa. Langu ni lile lenye duara la waya na mpini wa mbao, kitambaa chake ni pamba nene yenye manyoya upande mmoja, kinaning'inia kama soksi fupi. Nalipa nyota 4. Kahawa inatoka nzito kuliko ya karatasi kwa sababu kitambaa kinapitisha mafuta mengi zaidi, na haina tope kama ya ile mashine ya kukandamiza. Kwenye ladha sina neno. Nyota moja nimeikata kwa sababu kikaratasi kilichokuja ndani ya boksi kimeandika tu "osha, kausha, tunza", basi, na kwa hali ya hewa ya pwani hiyo ya "kausha" ndiyo inawafanya watu wengi walitupe chujio mwezi wa kwanza wakidhani ni bovu.

Shida yenyewe ni hivi. Kahawa ina mafuta na yanabaki kwenye nyuzi za pamba hata ukisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Mafuta hayo yakikaa kwenye joto na hewa yanachacha, halafu kitambaa kikiwa na unyunyu wa maji usioisha bakteria na ukungu wanapata pa kukaa. Sasa chukua kitambaa kinene, kianike jikoni Dar wakati wa masika, kesho yake kwenye mshono wa chini bado kibichi! Ukigusa juu unaona kimekauka, unakunja unaweka kwenye droo, kinavundia humo humo. Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja tu, ama kiwe kimelowa kabisa na kiko kwenye baridi, ama kiwe kikavu kabisa cha jua. Hapo katikati, nusu kavu nusu kibichi, ndipo kinapoharibikia.

Mimi naenda na njia ya kulowesha, ndiyo hata Wajapani wenye vimigahawa vya kahawa ya kitambaa wanavyofanya. Nikishamimina kahawa sisubiri, napindua chujio nje ndani palepale namwaga machicha, yakishakauka kwenye nyuzi kuyatoa ni kazi. Nafungulia maji ya bomba yapige upande wa ndani, halafu naminya kwa vidole kufuata mshono kutoka juu mpaka kwenye ncha. Pale kwenye ncha usiparuke, kitambaa kimekunjwa mara mbili mara tatu na unga laini wa kahawa unajificha kwenye ile mikunjo, ukifungua kwa kucha utaona mstari mweusi kama wanja. Huo mstari ndio unaonuka kabla ya sehemu nyingine yoyote. Namalizia na maji ya moto ya birika, naminya (usikamue kwa kusokota, unavuta nyuzi na shepu inaharibika), nakitumbukiza kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, maji safi yafunike kitambaa chote, nakiweka kwenye friji. Mfuniko muhimu jamani, friji zetu zina samaki, zina vitunguu, na pamba inanyonya harufu zote hizo. Maji nabadilisha kila siku hata kama sijanywa kahawa. Ukitaka kujua yamechoka huhitaji kunusa, pitisha kidole kwenye kitambaa, ukihisi utelezi fulani hivi ujue bakteria wameshaanza kujijenga, hapo ni kuchemsha sio kusuuza.

Asubuhi natoa, nasuuza na maji ya moto, naminya, nakikandamiza kwenye taulo safi mpaka kisidondoshe. Kikibaki na maji mengi, yale ya chupa yanaingia kwenye kikombe chako na kahawa inatoka nyepesi yenye kaladha ka friji.

Sabuni hapana. Sio ya vyombo, sio ya unga, sio ile ya kipande hata kama unaambiwa haina harufu. Pamba ikishashika manukato ya sabuni utakunywa maua wiki nzima. Jiki nayo hapana, inakula nyuzi na harufu yake haitoki. Na chujio jipya usilitumie moja kwa moja, vitambaa vya dukani huwa na wanga wa kiwandani na harufu ya stoo, mimi nachemsha dakika kumi na kijiko cha machicha ya kahawa ya jana ndani ya maji, linatoka na karangi ka udongo na ile harufu ya duka imekwisha.

Sasa niwape kisa cha chujio lililovunda kabisa maana ndipo nilipoelewa hii kitu vizuri. Nilisafiri, mdogo wangu akabaki nyumbani, akalitoa kwenye friji kwa nia njema kabisa, akaliminya, akaliweka kwenye kopo la plastiki akafunga akaweka kabatini asije mtu akalitupa akidhani ni tambara. Nimerudi nafungua kopo, mama yangu, harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni ikichanganyika na mafuta ya kukaangia ya juzi. Kwa macho halina kitu, hakuna doa la ukungu hata moja.

Kabla ya kutibu nililipima. Hiki kipimo nakifanya mpaka leo kila nikishuku: unachemsha maji, unamimina kwenye kikombe cheupe moja kwa moja, kikombe cha pili kama hicho unamimina maji yaleyale kupitia chujio tupu lisilo na kahawa. Acha yapoe kidogo, nusa vyote viwili. Chujio likiwa zima maji ya kikombe cha pili hayana tofauti na ya kwanza, au yana harufu ya pamba kwa mbali sana. Langu siku hiyo maji yalitoka na rangi ya njano kidogo na harufu ya uvundo wazi kabisa, na nikionja (nikatema) kuna uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Kipimo hiki kinaondoa ubishi, maana watu wengi wanalaumu kahawa, wanabadilisha kahawa mara tatu, kumbe ni kitambaa.

Nikatoa kitambaa kwenye waya kwanza, ule waya ukishika kutu, kutu inaingia kwenye pamba. Maji lita moja kwenye sufuria safi, sio sufuria ya mchuzi, bekingi soda kijiko kimoja cha chai, hakikisha ni ile isiyo na kitu kingine, baking pauda ya mandazi sio yenyewe. Yakichemka soda inakuwa kali zaidi na inayashika yale mafuta yaliyochacha inayageuza kitu kama sabuni, ndiyo maana yanatoka wakati maji matupu yalishindwa. Dakika kumi hivi kwa moto mdogo. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na juu kuna kapovu kepesi ka kijivu. Nikamwaga, nikarudia soda, safari hii maji yakatoka mepesi. Halafu nikachemsha na maji matupu mara mbili ili soda yenyewe itoke, maana soda ikibaki inaua ule uchachu mtamu wa kahawa, kahawa inakuwa bapa na inateleza mdomoni. Nikarudi kwenye vikombe viwili. Harufu imepungua sana ila ipo, na ukifuatilia inatoka kwenye mshono tu. Nikafungua mkunjo wa ncha na mswaki mpya nikasugua ule mstari mweusi, nikachemsha tena, ndipo likapona. Kwa hiyo ukichemsha ukaona harufu haiishi usikimbilie kuongeza soda, angalia mshono.

Kuna lingine halikupona. Shangazi alikuja akalikuta safi kwenye chupa akachujia tui la nazi, na kwa kweli ukiliangalia limekaa kichujio cha tui kabisa sina wa kumlaumu. Mafuta ya nazi yaliingia humo, nikachemsha weeee, kila ukimimina maji ya moto linanukia wali. Nilimpa alibebe moja kwa moja.

Mbali na harufu kuna dalili nyingine, kasi. Mimi natumia gramu 20 za kahawa iliyosagwa kubwa kidogo, maji mililita 300, na inashuka kwa dakika tatu hivi. Kahawa ni ileile, usagaji uleule, halafu inaanza kwenda dakika tano na juu, hapo matundu ya kitambaa yameziba kwa mafuta na unga, na uchungu utafuata. Nachemsha na soda mara moja kila baada ya wiki kadhaa, nikichelewa kasi ndiyo inanikumbusha. Kama maji yako ni ya kisima yale ya chumvi chumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, ule ukoko nao unaingia kwenye nyuzi na soda haiutoi, loweka kwenye maji yenye siki kidogo nusu saa halafu usuuze sana. Usichanganye siki na soda kwa pamoja, zinauana zinabaki povu tu.

Kama unasafiri, friza. Minya vizuri, weka kwenye mfuko wa kufunga, toa hewa, gandisha. Ukirudi usilikunjue likiwa jiwe, mwagia maji ya moto kwanza. Umeme ukikatika siku nzima na likayeyuka basi chemsha kabla ya kutumia, usibahatishe.

Na asiye na friji? Mimi ningemwambia asinunue hili la manyoya. Chukua la pamba nyembamba, linakauka kwenye jua la saa sita kabla hujamaliza kupika, ligeuze nje ndani ili mshono uangalie jua, na lisianikwe kamba moja na nguo zilizofuliwa na sabuni ya kunukia. Mtu wa Moshi au Arusha kiangazi anaweza kukausha hata lile nene bila shida, huku kwetu hapana.

Kitambaa chenyewe kinachakaa, ukikinyanyua kwenye dirisha ukaona mwanga unapita kwa mabaka mabaka au unga umeanza kushuka kwenye kikombe, kimekwisha. Duka nililonunua wanauza seti nzima tu, vipande vya kubadilisha hawana. Nilichofanya nimefumua kile cha zamani nikampelekea fundi cherehani kama patani, na pamba nyeupe yenye manyoya isiyopakwa rangi, ile ya kushonea nguo za vichanga. Niliichemsha kwanza ndipo ikakatwa, maana pamba inarudi nyuma na ukikata kabla halitoshi kwenye waya. Uzi wa pamba pia, na nikamwambia asikunje mshono wa ncha, aache ukingo mmoja tu uangalie nje. Manyoya nayo nimeweka nje, ndani laini, machicha yanatoka kwa mpigo mmoja wa maji. Alinishonea vitatu, na vinasafishika kirahisi kuliko kile cha kwenye boksi.