Wix au Google Sites kwa karakana ya samani Nsambya

Kutengeneza tovuti ya karakana ya samani pale Nsambya, Kampala, mimi ningechagua Google Sites kuliko Wix. Ni bure, haina matangazo, na kurasa zake hujipanga zenyewe kwenye simu. Fomu ya mawasiliano utaiunda Google Forms kisha uipachike. Washa taarifa za barua pepe kwenye sehemu ya majibu, la sivyo oda ya kitanda italala humo bila wewe kujua.

Wix inapendeza zaidi na ina fomu yake, lakini mpango wa bure hubandika tangazo la Wix kwenye tovuti yako. Tena, ukiburuta picha ya sofa kwenye kompyuta, fungua mwonekano wa simu uhakikishe haijafunika kitufe cha kutuma.