Kadi pepe ya kununulia mtandaoni: angalia kwanza mfuko ulio nyuma yake

Malalamiko ya wasomaji yanafanana. Mtu kafungua kadi pepe, kanunulia viatu, kaisahau. Baada ya miezi miwili zinaingia jumbe tatu usiku: dola 1, kisha dola 1 tena, kisha dola 80. Dola 1 ni mwizi anayejaribu kama kadi ingali hai. Dola 80 ndiyo kazi yenyewe. Mwenye kadi hulia akisema, "Si niliambiwa kadi pepe ni salama?"

Upepe ni kukosa plastiki tu. Kinachokulinda ni kiasi cha pesa ambacho namba ile inaweza kufikia, na hilo ndilo watu hawaulizi wanapochagua. Wanauliza rangi, Visa au Mastercard, kama inalipa Amazon. Zote hulipa. Swali ni hili: kadi hii ina salio lake yenyewe, au inachota moja kwa moja kwenye pochi yako yote?

Kujua ni rahisi. Fungua menyu ya kadi utafute sehemu ya kuhamishia pesa kwenda kwenye kadi. Ikiwepo, kadi ina salio lake. Ikiwa hakuna, na salio la kadi ni lile lile la pochi, basi umefungua mlango wa pili wa nyumba ile ile.

Wauzaji wa kadi watakujibu kwamba CVV, yaani zile tarakimu tatu za siri za kadi, inabadilika. Ni kinga nzuri, lakini ina mpaka. Kanuni za usalama wa kadi, PCI DSS, zinamkataza muuzaji kuhifadhi CVV baada ya malipo kuidhinishwa. Kwa hiyo ukikubali kadi yako ihifadhiwe, au ukijiunga na huduma ya kila mwezi, malipo yanayofuata hutumwa bila CVV. Duka jingine haliiombi kabisa tangu mwanzo. CVV inayobadilika humzuia mwizi aliyeiba namba na kwenda kuitumia kwenye duka linaloomba CVV. Haimzuii muuzaji uliyemwachia kadi mwenyewe kisha akakataa kukuachia.

Sasa orodha yangu, na sifichi upendeleo.

Kwa aliye Kenya, ya kwanza ni M-PESA GlobalPay ya Safaricom, iliyoanza 2022, kwa sharti moja: isikae kwenye laini unayopokelea mshahara. Ni kadi ya Visa, unaifungua kwa *334# au kwenye programu ya M-PESA, na CVV unaiomba unapotaka kulipa, inadumu dakika 30. Lakini inachota kwenye pochi ya M-PESA. Kikomo cha salio la M-PESA ni shilingi 500,000, kwa hiyo ukiwa na hela pale, kadi nayo inaziona. Dawa ni laini ya pili. Isajili kwa kitambulisho chako, ifungulie M-PESA yake, kisha fungua kadi huko huko. Pochi hiyo iache tupu, uijaze siku ya kununua tu.

Tuchukue mfano wa huduma ya dola 9.99 kwa mwezi. Kosa la kwanza ni kuweka pesa za dola 10 kamili, malipo yakagoma, ukailaumu kadi. Muuzaji anayetoza VAT ya Kenya anaongeza asilimia 16, inakuwa dola 11.59. Tuseme dola ni shilingi 130: hapo ni 1,507. Kiwango cha kadi huwa juu kuliko cha Benki Kuu, kwa hiyo kadiria asilimia 3 zaidi, ufike kama 1,552. Mara ya kwanza muuzaji huenda akashikilia dola 1 kuhakiki kadi, na ingawa huirudisha baadaye, siku hiyo huwezi kuitumia. Tuma 1,700 kwenye laini ya pili, ada ya kutuma ni shilingi 33. Mwezi unaofuata 1,600 inatosha, hata chini kidogo kama mara ya kwanza kuna kilichobaki. Atakayejaribu kuchota dola 80 atahitaji zaidi ya shilingi 10,000 na kukuta mia moja na kitu. Utapata ujumbe wa muamala uliokataliwa. Huo ndio wakati wa kusimamisha kadi, usisubiri ujumbe wa pili.

Ya pili ni kadi ya kulipia kabla kutoka benki. Ina salio lake, akaunti yako haiguswi, na zile za sarafu nyingi hukuwezesha kununua dola mapema kabla kiwango hakijapanda. Nimeiweka ya pili kwa sababu namba zote, pamoja na CVV, zimechapwa kwenye plastiki na hazibadiliki hadi kadi iishe muda. Pia kuna ada ya kuitoa, ada ya kujaza, na mara nyingine ada ya kukaa bila kuitumia. Omba jedwali la ada kwenye karatasi kabla hujatia sahihi. Mhudumu akisema "ni kidogo tu", mwambie akuandikie hicho kidogo.

Kwa ndugu walio Marekani, Privacy.com inaishinda hata kipenzi changu. Unafunga kila kadi kwa muuzaji mmoja na kuiwekea kikomo, na namba ikivuja haitumiki duka jingine. Lakini inataka akaunti ya benki ya huko. Walio Ulaya wana Revolut, ambayo kadi yake ya matumizi ya mara moja hubadilisha namba baada ya kila malipo. Usiitumie kwa huduma za kila mwezi, itagoma mwezi wa pili.

Kadi za dola za kampuni changa za fedha naziweka chini. Salio lake liko kando, hilo zuri. Tatizo ni kwamba anayekuuzia mara nyingi siye mtoaji wa kadi. Julai 2022 kampuni ya malipo ya Flutterwave ilisitisha kadi za programu yake ya Barter kwa sababu iliyotoka upande wa mshirika wake wa kadi, na waliokuwa wakilipia huduma kwa kadi hizo wakabaki wakitafuta njia nyingine. Ukitumia kadi ya namna hii, usiweke zaidi ya manunuzi ya wiki hiyo.

Na kadi zinazouzwa Telegram zikiwa tayari zina pesa? Aliyekuuzia namba anayo namba. Tupite.

Jambo moja la kuchunga kwa kadi zote: usifute kadi ukiwa unangoja kurejeshewa pesa. Marejesho hurudi kwenye namba ile ile iliyolipa, na ikiwa imefutwa pesa hukwama kwa mtoaji, ukaanza kuandikiana naye ukitafuta risiti. Isimamishe tu kama menyu inaruhusu, na uifute pesa zikishaingia.

Kisha kuna ada ya malipo yaliyokataliwa. Baadhi ya watoaji hukutoza kila malipo yanapogoma kwa kukosa salio. Huduma uliyoisahau hujaribu kadi mara nne, tano kwa mwezi, na kila jaribio unalilipia wewe. Yaani umeacha kadi tupu makusudi ili mwizi asipate kitu, halafu anayechota ni aliyekuuzia kadi. Kabla ya kufungua yoyote, tafuta maneno "kukataliwa" au "declined" kwenye jedwali la ada. Ukiyakuta yana bei mbele yake, mbinu yote ya kuacha pochi tupu imekufa, chukua kadi nyingine.