Kuongeza elfu mbili kila mwezi kwenye mkopo wa sacco: nilivyoipiga hesabu kwa Google Sheets

Mkopo wangu ni wa kuezeka nyumba huku Lanet, Nakuru: shilingi 300,000, miezi 36, riba asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Nilitaka kujua nikiongeza 2,000 kila mwezi juu ya malipo ya kawaida nitaokoa riba kiasi gani. Vikokotoo nilivyojaribu mtandaoni viliuliza mkopo, riba na muda, basi, ile nyongeza havikuwa na pa kuiweka. Ndiyo nikaingia Google Sheets kwenye simu. Ni bure, na fomula mbili zinatosha:

```
=PMT(1%,36,-300000)
=NPER(1%,-11964.29,300000)
```

Ya kwanza inakupa malipo ya kila mwezi, 9,964.29. Zidisha kwa 36, toa laki tatu, unabaki na riba ya takriban 58,715. Ya pili inauliza: nikilipa 11,964.29, yaani malipo yale pamoja na elfu mbili, nitamaliza baada ya miezi mingapi? Jibu ni 29.01, kwa maana ya miezi 29 na kitu kama shilingi 142 mwezi wa 30. Riba yote inashuka hadi karibu 47,107. Kwa hiyo naokoa kama 11,600, na deni linaisha miezi sita kabla ya wakati.

Kasoro yake ni alama ya kutoa. Ukiisahau kwenye NPER haikwambii umekosea, inakupa tu miezi hasi, kama -22.49, na kwenye kioo kidogo cha simu ni rahisi kuipita. Ukiandika 12% badala ya 1% utaona `#NUM!`. Hapo maana yake malipo yako hayafikii hata riba ya kipindi kimoja, kwa hiyo deni haliishi kamwe. Riba iwe ya mwezi kama malipo yalivyo ya mwezi.

Lakini hesabu ya simu inachukulia kwamba kila shilingi ya ziada inakata deni lenyewe. Sacco yangu, ambayo sitaitaja, haikufanya hivyo mwanzoni. Nililipa ziada kwa M-Pesa, nao wakaiingiza kwenye akiba yangu, kwa kuwa mfumo wao hupeleka huko chochote kinachozidi malipo ya mwezi. Hakuna aliyenijulisha.

Niliigundua kwenye taarifa ya akaunti, safu ya riba. Mwezi wa kwanza riba ni 3,000 hata ufanye nini, maana ni asilimia 1 ya laki tatu. Mwezi wa pili ndio wa kuangalia. Bila nyongeza, salio linakuwa 293,035.71 na riba yake 2,930. Nyongeza ikikata deni, salio ni 291,035.71 na riba 2,910. Yangu ilisoma 2,930. Tofauti ni shilingi ishirini tu, lakini ishirini hiyo ilitakiwa kurudi kila mwezi na kukua. Nikaenda ofisini, nikaandika barua kwamba ziada ikate deni na malipo ya kila mwezi yabaki yaleyale. Hiyo sehemu ya mwisho usiiache: wengine hupunguza malipo na kuacha muda ulivyokuwa, na hapo unachookoa kinapungua.

Kama mkopo wako riba yake hupigwa kwenye kiasi chote tangu siku ya kwanza, fomula hizi hazikuhusu. Laki tatu kwa asilimia 12 kwa mwaka, miaka mitatu, ni riba ya 108,000 iliyokwisha kuandikwa. Kuongeza elfu mbili kutakumalizia mapema, ila riba haipungui mpaka mkopeshaji akubali kukusamehe sehemu yake. Muulize kabla ya kutia sahihi, na akujibu kwa maandishi.

Mwenzangu wa kazini anasema niliharakisha kuielekeza ziada kwenye deni, eti akiba nayo inazaa. Ni kweli, lakini sacco yangu hulipa kwenye akiba chini ya asilimia 12 kwa mwaka, na deni ninalokata linanitoza hiyo 12. Tena akiba huwezi kuitoa mpaka ujiondoe uanachama. Ana hoja moja tu yenye nguvu: sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, hivyo elfu mbili kwenye akiba inakufungulia elfu sita za mkopo ujao. Kwa sasa sina mpango wa kukopa, kwa hiyo yangu inakata deni. Nikianza kufikiria tangi la maji, nitaielekeza kwenye akiba miezi kadhaa kabla ya kujaza fomu.