Tui la kwanza na tui la pili: tofauti inaanzia kwenye kifumbu

Nazi moja iliyokomaa, ikikunwa kwa mbuzi bila kufikia ganda la kahawia, hutoa matui mawili yasiyofanana. Kwa tui la kwanza, ambalo wengi wa pwani huliita kasimile, tia machicha kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, yafikiche kwa mkono, kisha uyakamue kwa kifumbu au kitambaa safi. Uvuguvugu una sababu yake: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo maji baridi huyaacha mengi ndani ya machicha.

Tui la pili hupatikana kwa kuyarudia machicha hayohayo na vikombe viwili vya maji. Sehemu kubwa ya mafuta imekwisha kutoka, maji yameongezeka, na ndiyo maana tui hili ni jepesi na halina utamu mzito wa lile la kwanza.

Katika mchuzi wa samaki, tui la pili ndilo la kupikia, kwani linastahimili mchemko mrefu. Kasimile likichemshwa kwa nguvu, protini zinazoyashikilia matone ya mafuta huharibika, tui likakatika: utaona chembe nyeupe na mafuta yanayoelea juu. Litie mwishoni, moto ukiwa mdogo, ukikoroga polepole mpaka lianze kutokota, kisha uepue. Kwa wali, mimi hupendelea kuyachanganya yote mawili.