Breka ya upande wa pili wa transfoma: ipi uanze nayo

Wanunuzi wengi husoma kiloampea kwenye kibao cha breka, wakiona zinatosha wanalipa. Kwa shoti inayolishwa kupitia transfoma hilo halitoshi. Mkondo huwa wa wastani, lakini ukishakatwa, volteji kati ya ncha za mguso za breka huruka kwa kasi ya kutisha, kwa sababu transfoma ina indaktansi kubwa na kapasitansi ndogo mno. Ncha hizo zikiwa bado zina joto la tao la umeme, tao hurudi.

Chukua transfoma ya MVA 20, 11 kV, impidansi 10%. Shoti yake ni kama 10.5 kA. Indaktansi ni karibu mH 1.9, kapasitansi ya transfoma na basbaa fupi tuseme nF 5. Volteji hufika kilele cha kama 22 kV ndani ya mikrosekunde 10, yaani 2.2 kV kila mikrosekunde. Breka ya kawaida ya 12 kV kwa mifumo ya kebo hupimwa kwa takriban 0.34 tu kwenye mkondo wake kamili, na kama 1.8 kwenye asilimia 30 (jaribio la T30).

Chaguo langu la kwanza ni breka ya vakyumu yenye cheti cha jaribio la hitilafu inayozuiwa na transfoma, kwa IEC 62271-100 au IEEE C37.06.1. Vakyumu hurudisha uimara wake haraka, na hakuna kifaa cha ziada cha kuharibika. Omba cheti chenyewe, si katalogi, na usome kasi iliyoandikwa humo.

La pili ni breka ya kawaida pamoja na kapasita za μF 0.25, moja kila fezi hadi ardhi, zikifungwa kati ya transfoma na breka. Katika mfano wetu kasi hushuka hadi kama 0.3. Ndilo suluhisho la paneli ambayo tayari ipo, ila kapasita ikiungua bila mtu kujua, umerudi ulikoanzia. Ikague kila matengenezo.

La tatu ni kununua breka ya 40 kA badala ya 25 kA. Hapo 10.5 kA inakuwa asilimia 26, kwa hiyo T30 ndiyo inayohusika. Ni bora kuliko 25 kA, lakini 1.8 bado haifiki 2.2. Mimi singelipia hilo peke yake.

Kabla ya yote, pima kebo iliyopo kati ya transfoma na breka. Mita 100 za kebo yenye μF 0.3 kwa kilomita huongeza nF 30, kasi ikabaki kama 0.84. Breka ya 25 kA huwa katikati ya T30 na T60 kwa mkondo huu, nayo hustahimili zaidi ya hapo. Basi nunua ya kawaida.