Uzoefu wangu na programu ya kutatua hesabu kwa picha: jinsi ya kupiga daftari bila kupoteza kipeo wala alama ya kutoa

Miezi minne sasa nimekuwa nikitumia programu ya simu inayosoma hesabu kwa kamera na kuzitatua hatua kwa hatua. Naitumia na binti yangu aliye Kidato cha Tatu, jioni anapomaliza kazi zake za aljebra na mimi sina uhakika wa kumsahihishia. Upande wa hesabu zenyewe sina malalamiko. Ikisoma sawasawa, inatatua sawasawa. Shida yote iko kwenye kusoma, na hapo mpiga picha ana kazi kubwa kuliko nilivyodhani.

Hesabu iliyonifungua macho ilikuwa hii, kwa mwandiko wake mwenyewe kwenye daftari la mistari:

3x² − 5x − 2 = 0

Binti yangu alipiga picha akanitumia, nikaipitisha kwenye programu, jibu likaja: x = 2. Niliweka 2 kwenye mlinganyo kuhakiki. 12 toa 10 toa 2, sifuri. Nikamwambia uko sawa, funga daftari. Akaniambia, "Mama, mwalimu alisema hizi zinakuwa na majibu mawili." Alikuwa na haki. Majibu ni 2 na −1/3. Niliporudi kutazama vizuri, juu ya jibu kulikuwa na mstari mdogo unaoonyesha kile programu ilichosoma, nao uliandikwa 3x2 − 5x − 2 = 0. Kipeo kilikuwa kimeshuka chini kikawa namba ya kawaida. Kwa hiyo programu ilichukua 3 mara x mara 2, ikapata 6x, ikatoa 5x, ikabaki x − 2 = 0. Ilitatua hesabu nyingine kabisa, na kwa bahati mbaya jibu lake likaangukia kwenye mojawapo ya majibu ya kweli. Hata kuhakiki kwangu hakukunisaidia.

Tangu siku hiyo sitazami jibu kabla ya kusoma ule mstari wa juu, alama moja baada ya nyingine, nikilinganisha na daftari. Kama kuna kosa naligusa na kulirekebisha kwa kibodi ya programu. Inachukua sekunde kumi.

Lakini nilitaka kujua kwa nini kipeo kilianguka. Chanzo cha kwanza kilikuwa umbali. Binti yangu alikuwa amepiga ukurasa mzima wa karatasi ya A4 ili apate hesabu zote nane kwa mara moja. Simu yake ina kamera ya megapikseli 8, yaani picha ya nukta 3264 kwa 2448. Ukigawa 3264 kwa milimita 297 za urefu wa karatasi, kila milimita inapata nukta 11 hivi. Kipeo cha binti yangu kina urefu wa milimita 2, kwa hiyo kilichorwa kwa nukta 22 tu. Hizo zingeweza kutosha kama picha ingekuwa imetulia. Tatizo ni kwamba alinitumia kwa programu ya ujumbe, na picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Iliponifikia ilikuwa karibu nusu ya ukubwa wake. Namba 2 ya wino uliovuja kidogo ikibaki na nukta 11 tu, huwezi kuitofautisha na z, na mara nyingine hata na doa.

Siku hizi tunapiga hesabu moja, au mbili zilizokaribiana. Ule upande mrefu wa picha ukifunika sentimita 15 badala ya 30, kipeo kilekile kinapata nukta zaidi ya 40. Na kama ni lazima picha itumwe, inatumwa kama faili, haitumwi kama picha, ndiyo haipunguzwi.

Usidhani basi kwamba dawa ni kusogeza simu mpaka pua iguse karatasi. Kamera nyingi za simu haziwezi kulenga kitu kilicho karibu kuliko sentimita 10 hivi, na ukivuka hapo kila kitu kinakuwa na ukungu. Mimi nashika simu sentimita 12 hadi 15 juu ya daftari, viwiko vyote viwili vimeegemea meza, nagusa kwenye kioo pale penye kipeo kidogo kuliko vyote ili kamera ilenge hapo, nasubiri itulie, ndipo napiga. Kisha nakuza picha niitazame. Kama jicho langu linasita kati ya 2 na z, napiga upya, kwa sababu programu nayo itasita, tofauti ni kwamba yenyewe haitakuambia.

Alama ya kutoa ina ugonjwa wake peke yake, na huu ulinichukua muda kuutambua. Niliona kwamba kujumlisha kunasomwa vizuri karibu kila mara, kutoa ndiko kunakopotea. Sababu ni mistari ya daftari. Mstari wa daftari umelala, na alama ya kutoa imelala vilevile. Programu inapotaka kuondoa mistari ya karatasi ili ibaki na mwandiko, kile kijistari kifupi kilichogusa mstari wa bluu kinaondoka nao. Alama ya kujumlisha inaokolewa na ule wima wake. Hiki kimekuwa kipimo changu: zikipotea za kutoa peke yake, mshtakiwa ni mstari wa daftari, zikipotea zote pamoja na vipeo, mshtakiwa ni mwanga au mkono uliotikisika.

Katika hesabu ileile, kutoa kwa mwisho kulipozama kwenye mstari, programu ilisoma 5x na 2 kama vimeungana, ikaifanya ile 2 kuwa kipeo: 3x² − 5x² = 0. Jibu likawa x = 0. Angalau hilo lilionekana wazi kuwa si lenyewe.

Hapa kamera haina msaada mkubwa, ni mwandiko unaotakiwa kubadilika. Binti yangu sasa anaandika alama ya kutoa katikati ya nafasi kati ya mistari miwili, ndefu kama upana wa x, na anaacha pengo kila upande. Anatumia kalamu nyeusi, kwa sababu wino wa bluu juu ya mistari ya bluu unampa msomaji kazi ya bure. Pia anaruka mstari mmoja baada ya kila mlinganyo. Zamani mkia wa y wa mstari wa juu ulikuwa unashuka mpaka kwenye bega la x ya chini, ukasomwa kama kipeo. Kwa hesabu ngumu anachukua karatasi nyeupe isiyo na mistari kabisa, ananakili hesabu moja, tunapiga hiyo.

Kipeo chenye alama ya kutoa ndicho kigumu kuliko vyote. Tulikuwa na 2x⁻² = 8. Majibu yake ni 1/2 na −1/2. Kile kijistari cha kutoa pale juu kikipotea, inasomwa 2x² = 8 na unapata 2 na −2. Kipeo chote kikishuka, inasomwa 2x − 2 = 8 na unapata 5. Tulijaribu mara nne kwa mwandiko wa kawaida tukapata zote mbili za makosa. Ilipokubali ni pale alipoandika ile −2 kubwa, karibu nusu ya urefu wa x, na kuipandisha juu kabisa ya bega lake. Hata hivyo kwa vipeo vya namna hii mimi sasa naandika kwa kibodi moja kwa moja.

Mwanga nitausema kwa kifupi. Balbu ikiwa juu ya kichwa, kivuli cha simu na cha mkono kinaangukia palepale unapopiga. Tunakaa pembeni ya dirisha, mwanga unatoka kushoto. Flashi siitumii, hasa kwa penseli, maana risasi ya penseli inang'aa na maandishi yanageuka meupe. Ukurasa mwembamba unaoonyesha maandishi ya upande wa pili nauwekea karatasi nyeusi nyuma yake, na yale maandishi ya nyuma yanafifia sana. Hilo lilinishangaza kwa jinsi lilivyo rahisi. Na ile hali ya kamera ya kugeuza karatasi kuwa nyeusi na nyeupe tupu niliiacha, kwa kuwa inakula vijistari vyembamba. Picha ya rangi inasomwa vizuri zaidi.

Unapokata picha, acha nje namba ya swali. Swali la 4 lililoandikwa "4. 3x²" limewahi kusomwa kama 4 mara 3x². Kata pia tiki za mwalimu na mahali palipofutwafutwa.

Vinamba vya chini ndivyo vinavyonifanya nisitoe nyota zote. Swali lilikuwa la mfuatano ambao kila namba inaongezeka kwa kiasi kilekile: A₅ = 17 na A₉ = 33, tafuta namba ya kwanza na ongezeko. Picha ilikuwa safi, mwanga mzuri, nukta za kutosha. Programu ikasoma A5 = 17 na A9 = 33, ikazichukua kama A mara 5 na A mara 9, ikasema hakuna jibu. Ni kweli, hakuna A moja inayotimiza yote mawili. Hapa picha nzuri haitoshi, kwa sababu kile kinamba cha chini ni jina la nafasi na hakizidishwi na chochote, na programu ninayotumia haijui hivyo.

Tunachofanya ni kuandika upya kabla ya kupiga. Namba ya kwanza tunaiita a, ongezeko tunaliita d. Ya tano inakuwa a + 4d = 17, ya tisa a + 8d = 33. Tunapiga hizo mbili, moja chini ya nyingine, na inatoa d = 4 na a = 1 bila shida. Vivyo hivyo swali likija na x₁ na x₂, tunaandika p na q. Binti yangu anasema sehemu hiyo ya kubadilisha ndiyo iliyomfanya aelewe vile vinamba vinasema nini.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama ingeuliza, pale inapokuta alama isiyo na uhakika nayo, kabla ya kukimbilia jibu.