Nimeifanya Hifadhi ya Mtandaoni Kuwa Diski K kwa WebDAV, Halafu Nikajaribu Kufungua Video

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo hatufungui boksi, hakuna simu mpya mezani. Tuko kwenye kompyuta ya nyumbani, Windows 11. Tazameni hapa kwenye This PC: kuna diski C, imejaa mpaka ule mstari umegeuka mwekundu, na chini yake kuna diski K. Hiyo K haimo ndani ya mashine hii. Ni hifadhi ya Koofr, wale jamaa wa Slovenia wanaotoa GB 10 bure, nimeiunganisha kwa WebDAV.

WebDAV ni nini, sitakaa hapo sana. Ni HTTP ileile inayotuletea kurasa za wavuti, imeongezewa amri za kuandika faili, kuhamisha na kuorodhesha folda. Ipo tangu 1999. Uzuri wake ni kwamba Windows inaielewa bila kusakinisha kitu. Ubaya wake tunaufikia, tulieni. Google Drive na Dropbox hawaitoi, msiniulize kwenye maoni. Nextcloud wanayo, pCloud wanayo, Koofr wanayo hata kwa akaunti ya bure.

Kuunganisha ni haraka. Kwanza usitumie nenosiri lako la kawaida. Ingia Koofr, mipangilio ya akaunti, tengeneza nenosiri la programu, yaani App password, linakili. Rudi This PC, bofya Map network drive, chagua herufi K, na pale kwenye anwani andika hivi:

```
https://app.koofr.net/dav/Koofr
```

Weka tiki Reconnect at sign-in na Connect using different credentials, ingiza barua pepe na lile nenosiri. Imekubali, hiyo hapo. Ikikukatalia na kudai haioni jina la mtandao, au ukitumia amri ya net use ikaleta System error 67, angalia kwanza kama huduma inayoitwa WebClient inafanya kazi. Fungua services.msc, itafute, iweke Automatic, uiwashe. Microsoft walishatangaza mwishoni mwa 2023 kwamba hawaiendelezi tena, kwa hiyo usishangae ukiikuta imelala.

Sasa oneni kichekesho. K inaniambia ina ukubwa uleule wa C. Kuna mtu atapiga picha ya skrini aseme amepewa mamia ya GB bure! Hapana bwana, Windows imeshindwa kujua nafasi iliyopo kule, ikaazima namba za C. Nafasi yako halisi itazame kwenye tovuti ya Koofr.

Haya, tuje kwenye jambo lililonifanya niwashe kamera. Hii PDF ina MB 12. Naibofya mara mbili... inafikiri kidogo... imefunguka. Safi kabisa. Nabadilisha jina, nahamisha folda, Word inahifadhi humo humo. Hapa sina neno.

Sasa hii video, MB 180. Niliipandisha kwa kupitia tovuti. Naivuta kutoka K kuja Desktop. Angalieni... hiyo! Error 0x800700DF, faili limezidi ukubwa unaoruhusiwa. Mtandao upo, nafasi ipo, Koofr hawana kosa. Ni Windows yenyewe: ina kikomo cha baiti 50,000,000, ambazo ukizisoma kwenye dirisha la faili ni kama MB 47.6. Wengi wakifika hapa wanafuta kila kitu na kusema WebDAV ni takataka.

Kikomo kinabadilishwa. Fungua regedit, uende hapa:

```
HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\WebClient\Parameters
```

Mnaona FileSizeLimitInBytes. Bofya mara mbili, chagua Decimal, futa 50000000, andika 4294967295. Sawa, kisha washa upya WebClient, au washa upya kompyuta. Hiyo namba ndiyo mwisho wake, karibu GB 4. Ile video ya harusi ya GB 6 aliyokuletea mpiga picha haitapita hata ukiiombea.

Narudia kuivuta. Inakuja, inakuja. Basi tumeshinda? Subirini, kero yangu hasa ndiyo hii. Sitaki kuinakili, nataka kuangalia sekunde kumi za mwanzo tu. Naibofya pale pale kwenye K. Kichezaji hakijaonyesha kitu. Nafungua Task Manager, upande wa mtandao: mstari umepanda juu na umekaa huko huko. Inavuta MB 180 zote ndipo ianze kunionyesha. Na inaziweka wapi? Hapa:

```
C:\Windows\ServiceProfiles\LocalService\AppData\Local\Temp\TfsStore\Tfs_DAV
```

Yaani kwenye C! C ileile iliyojaa, iliyonifanya nitafute K. Kwa wenye faiba nyumbani ni kungoja tu. Kwa sisi wa bando, umelipia video nzima kwa ajili ya sekunde kumi, na bei za bando mnazijua wenyewe, zimepanda tena.

Kupandisha nako kuna vituko. Naburuta faili kuingia K, ule mstari wa kijani unakimbia mpaka mwisho, halafu unaganda. Usibonyeze Cancel! Mwanzo ilikuwa inanakili kwenye ile folda ya C, na sasa ndiyo inapeleka kweli mtandaoni. Ukizima kompyuta hapo, kule hakuna kilichofika.

Kabla sijasahau, ile laivu ya Jumamosi imehamia Jumapili usiku, tutajibu maswali ya ruta. Na kama hujajiandikisha, kitufe kiko hapo chini.

Wapinzani, yaani programu nyingine za kuifanya hifadhi ya mtandaoni ionekane kama diski. RaiDrive ni rahisi, ya bure ina matangazo. Mountain Duck ni nzuri ila ya kulipia. Mimi niko na rclone, ya bure, haina sura, ni maandishi matupu. Unasakinisha WinFsp kwanza, ndiyo inayoiwezesha Windows kuiona hifadhi ya rclone kama diski, unaandika rclone config, unachagua webdav, unaipa anwani ileile na nenosiri lile la programu, jina nimeiita kofa. Kisha unaondoa K ya zamani na kuandika:

```
rclone mount kofa: K: --vfs-cache-mode full --vfs-cache-max-size 2G
```

Nabofya video ileile. Imeanza! Tazama mtandao: umepanda kidogo, na nikifunga kichezaji unashuka. Inaomba vipande vya faili badala ya faili zima, seva ikikubali, na kile kikomo cha Windows haikijui. Nayo inatumia C kwa akiba, lakini hiyo 2G ndiyo inayoibana isijitanue. Inaweza kuizidi kidogo faili likiwa wazi, si mbaya. Ila ukifunga lile dirisha jeusi, K inatoweka, kwa hiyo iwekeni kwenye Task Scheduler ijiwashe yenyewe.

Nilianza nikiwa nimeisema vibaya ile ya Windows, lakini kwa mzee anayehifadhi barua na risiti, PDF na Excel, mwekeeni hiyo hiyo, haina cha kujifunza. Video na picha za kamera, rclone. Wa Mac, najua mnanisubiri, Finder ina Connect to Server, bonyeza Command na K, weka anwani ileile. Hiyo nitaijaribu na faili kubwa video ijayo, nikishaazima Mac ya jirani.